Washa, zima, pasha: karatasi niliyomwandikia Zuhura

Karatasi ya kwanza ya maelekezo ya jikoni niliiandika usiku, kwa haraka, katikati ya kusahihisha madaftari ya darasa la sita. Ukurasa mmoja, kalamu ya bluu kwa mambo ya kawaida, nyekundu kwa ya hatari. Asubuhi nikaibandika kwa selotepu ukutani juu ya jiko, nikamwita Zuhura, dada anayenisaidia kazi za nyumbani, aisome. Akaisoma yote kwa sauti bila kukwama, akasema, "Sawa mama Nasra, nimeelewa." Nikaenda zangu shuleni moyo umetulia.

Zuhura ana miaka ishirini na miwili, kwao ni upande wa Msimbati, huku huku Mtwara. Amekulia kwenye kuni na mkaa, na kwenye hivyo simfundishi yeye, ananifundisha mimi. Ming'oko akiichemsha yeye haipasuki hata mmoja. Ila jiko la gesi la pleti nne lenye oveni chini alikuwa hajaligusa, wala maikrowevu. Nilimwonyesha mara moja, nikadhani karatasi itamaliza mengine.

Siku ya tatu nilirudi saa kumi na robo jioni. Mimi hukaanga korosho kwenye oveni, nikazifunga kwenye vipakiti na kuwauzia walimu wenzangu, kwa hiyo nilikuwa nimemwambia asubuhi: "Saa kumi uniwashie oveni, nikifika niikute ya moto." Nilipofungua geti harufu ikanipokea barazani, ile ya kitunguu kilichooza. Ndani nikamkuta Zuhura amembeba Nasra mgongoni, anatembea chumba kwa chumba anazima umeme. Taa ya jikoni, feni ya sebuleni, friji, maikrowevu ukutani. Karatasi ameibandua, ameishika mkononi, anaifuata mstari kwa mstari.

Nilimshika mkono tukatoka nje wote watatu. Hakukuwaka kitu. Tulikaa chini ya mkorosho wa jirani nusu saa nzima, na hapo ndipo aliponisimulia alichofanya, na mimi nikaisoma karatasi yangu kama mtu mgeni.

Mstari wa pili niliandika: "Washa oveni dakika 15 kabla." Basi. Kwenye jiko la mkaa, kuwasha ni tendo moja: unatia moto, linawaka. Kwenye pleti za juu za jiko langu pia ni kama tendo moja, kwa sababu kuna kile kibonyezo chenye alama ya radi kinachotoa cheche. Lakini oveni yangu haina cheche. Kuwasha kwake ni matendo mawili, kufungua gesi na kuiwekea moto, na neno langu moja liliyameza yote mawili bila kusema lipi linatangulia. Zuhura alizungusha, akasubiri, hakuona moto. Akakumbuka kiberiti. Kiberiti kilikuwa chumbani kwangu kwa sababu nilikitumia usiku kuwashia dawa ya mbu. Alipokwenda kukitafuta, Nasra akaamka analia. Muda wote huo oveni iko wazi inamwaga.

Shemeji yangu, aliyewahi kufanya kazi za bomba la gesi kule Madimba, alinipigia hesabu siku ya pili yake, na hiyo hesabu ndiyo iliyoninyima usingizi. Moto wa oveni ya kawaida ya nyumbani hula karibu gramu 3 za gesi kwa dakika. Gramu 3 hizo zikishakuwa hewa ni kama lita moja na nusu. Sanduku la oveni yangu lina lita 55 hivi. Gesi ya mtungi inaanza kuweza kulipuka ikifika sehemu 2 tu katika kila 100 za hewa, na sehemu 2 za oveni yangu ni lita moja na kidogo. Kwa hiyo kama gesi yote inabaki ndani, dakika moja haijaisha oveni imeshakuwa tayari kumrukia usoni mtu anayeinama na kiberiti. Yeye alichelewa dakika kama nne. Kilichotuokoa ni kwamba harufu ilimkuta mlangoni kabla hajakichomoa kiberiti, akaikumbuka karatasi.

Na karatasi ikamwambia nini? Mstari wa nne, kwa wino mwekundu: "Ukisikia harufu ya gesi, zima swichi zote, fungua dirisha."

Nyumbani kwetu vile vya kuzungusha vya jiko tunaviita swichi. Nilimaanisha hivyo. Lakini swichi ni ile ya taa pia, na ya feni, na ya friji. Binti wa watu akafanya kama nilivyoandika: akafunga ya oveni, halafu akaanza za ukutani. Swichi ya umeme hutoa cheche ndogo ndani yake, ukiwasha au ukizima, yote sawa. Penye gesi hewani swichi inaachwa kama ilivyo. Taa inayowaka iendelee kuwaka, feni inayozunguka iendelee kuzunguka. Nilimwandikia kosa kwa wino mwekundu, akalitii.

Dirisha nalo lina kisa chake. Alifungua lile dogo lililo juu ya sinki, mlango wa uani akauacha umefungwa kwa sababu ya kuku. Nilipomuuliza alijibu vizuri kabisa: "Gesi si inapanda juu? Shuleni kwetu walikuja watu wa gesi wakatufundisha." Na waliomfundisha hawakumdanganya. Gesi ya kwao, ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja inapanda, inatokea juu. Inasafishwa Madimba, na tangu 2015 bomba linaipeleka hadi Dar es Salaam, na hapa Mtwara inazalisha umeme. Lakini iliyo kwenye mtungi wangu siyo hiyo. Hii ya mitungi inaletwa nchini kwa meli, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inalala sakafuni kama maji yaliyomwagika, inaingia chini ya kabati, inatambaa chini ya mlango hadi sebuleni. Dirisha la juu ya sinki halisaidii sana. Inayoitoa ni milango, hasa wa uani, wenye kizingiti cha chini. Watu wa Mtwara tunaishi juu ya gesi moja na kupikia nyingine, na mtoto wa Msimbati ndiye aliyekuwa na sababu nzuri kuliko wote ya kuzichanganya.

Basi nikakaa kuandika upya, safari hii Zuhura akiwa pembeni.

Kwanza tukatafuta jina la vile vya kuzungusha. Swichi tumelitupa. Zuhura akasema mbona yanafanana na masikio, tukaandika masikio: sikio la oveni, sikio la pleti ndogo. Halafu tukakubaliana maneno manne na kila moja kazi yake. Gesi *inafunguliwa* na *inafungwa*. Moto *unawashwa* na *unazimwa*. "Washa gesi" haimo tena kwenye karatasi, hata mdomoni tunajitahidi.

Sehemu ya oveni sasa inasomeka hivi, naiweka kama ilivyo:

"Fungua mlango wa oveni. Toa kila kitu kilichomo. Inua kifuniko cha kioo cha juu, kiegemee ukutani. Chuchumaa pembeni ya mlango, usiinamishe uso ndani. Washa kiberiti KWANZA. Peleka moto kwenye tundu la sakafu ya oveni, lile la mbele katikati. Sasa ndiyo ubonyeze sikio la oveni na kuzungusha hadi mwisho. Moto utatembea hadi nyuma. Uangalie umefika pande zote. Funga mlango polepole."

Kila sentensi hapo ina sababu yake, na niliona afadhali aambiwe sababu kuliko kukariri. "Toa kila kitu" kwa sababu nyumba yangu, kama nyumba nyingi, oveni isipotumika ni kabati. Siku ile ya korosho ndani mlikuwa na bakuli mbili za plastiki na trei ya mayai. Kioo kinainuliwa kwa sababu joto la oveni linatokea nyuma na juu, na kioo kikipashwa kikiwa kimefunikwa hupasuka vipande vidogo vidogo. Mlango unafungwa polepole kwa sababu ukiubamiza, upepo wake unazima moto wa ndani na huwezi kujua, na tunarudi kule kule.

Na kama kiberiti kimezimika kabla gesi haijashika, au moto umekufa baada ya kufunga mlango: funga sikio, acha mlango wazi, ondoka. Kitabu kilichokuja na jiko kinasema usubiri angalau dakika moja. Mimi nimeandika tano, kwa sababu mtu akiambiwa moja hungoja nusu. Majiko mapya mengi yana kinga inayokata gesi moto ukizimika, na hayo ukishawasha unashikilia sikio likiwa limebonyea sekunde kumi hadi kumi na tano, hadi kile kijiti cha chuma kilicho motoni kipate joto. Langu ni la zamani, halina. Ukitaka kujua lako, washa pleti, puliza moto uzimike, usikilize. Likiwa na kinga, mvumo wa gesi utakatika wenyewe ndani ya dakika moja au zaidi kidogo. Usipokatika, funga mara moja na ujue jiko lako ni ndugu wa langu.

Ndiyo maana hata pleti za juu nimeziandikia mstari wao, ingawa ni rahisi. Jikoni kwangu dirisha linatazama baharini, na kusi likianza kuvuma mwezi wa nne linaingia moja kwa moja. Moto mdogo wa kuchemshia maharage au kutuliza nazi unapulizwa, unazimika, sufuria inakaa kimya, gesi inaendelea. Zamani niliandika "usiondoke jikoni," jambo ambalo mimi mwenyewe silitekelezi, sembuse mtu mwenye mtoto wa miaka minne wa kumfuata uani. Sasa imeandikwa: moto mdogo uwekwe pleti ya nyuma upande wa ukuta, usitumie pleti ya dirishani, na kila ukipita uuone moto kwa macho, si sufuria. Uwe wa bluu. Ukigeuka wa manjano na sufuria zikaanza kushika masizi, kile kichwa chenye matundu kimeziba, mara nyingi kwa uji uliofurika. Kinapoa, kinasuguliwa kwa mswaki mkavu, kinarudishwa kikae sawasawa kwenye nafasi yake.

Sehemu ya harufu ndiyo iliyobadilika zaidi. Ipo peke yake kwenye karatasi ya pili, herufi kubwa:

"UKISIKIA HARUFU YA GESI. Kama kuna moto jikoni, uzime kwa kufunga sikio lake. Funga masikio yote ya jiko. Usiguse swichi yoyote ya umeme, si kuwasha si kuzima. Usiguse simu. Fungua mlango wa uani uache wazi, kuku waingie tu. Mchukue Nasra mtoke. Ufunge mtungi. Ukiwa barabarani ndipo upige simu kwangu. Ukiona moto, 114."

Hiyo 114 ni ya Zimamoto. Kuhusu kuku aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Mtungi nambadilishia mwenyewe, hilo sijamwandikia ila nimemwonyesha povu. Kila mtungi mpya ukifungwa, unachukua sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo, unapaka kwenye maungio ya regyuleta na kwenye miisho yote miwili ya mpira, unafungua gesi, unatazama. Povu likitulia, salama. Likianza kutoa vipovu vinavyokua na kupasuka, hapo panavuja: unafunga, unakaza, unapaka tena. Nimewahi kumwona mtu mzima akipima kwa kiberiti. Mpira wenyewe nabadilisha kila miaka miwili, na kila nikifagia nyuma ya jiko naupapasa, maana panya wa hapa mjini wanaupenda. Chumvi ya bahari nayo inakula chuma cha regyuleta kutoka nje, kutu la kijani na la kahawia, na lile likifika kwenye sikio la kufungia linakuwa gumu kuzungusha siku unayolihitaji.

Maikrowevu niliiogopa kidogo kuliko vyote, na hatari yake kweli ni ndogo. Tatizo lake ni kwamba maneno yetu yote ya jikoni yanakwenda nayo vibaya. Niliandika, "Pasha chakula, funika." Zuhura alitaka kupasha mchuzi wa pweza ukiwa ndani ya sufuria yake ya bati, pamoja na mfuniko. Kupasha, kwa mtu yeyote mwenye akili, kunafanyika kwenye sufuria. Nilimkuta kabla hajabonyeza. Lakini mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilitia sahani ya harusi yenye mstari mwembamba wa dhahabu ukingoni, ikapiga cheche bluu kuzunguka sahani nzima kama treni, na mstari ukabaki mweusi. Bati, foili, kijiko kilichosahauliwa, dhahabu ya mapambo: vyote hukataa. Kioo na udongo bila mapambo ya madini, na plastiki iliyoandikwa kwamba ya maikrowevu, ndivyo vinavyoingia.

Na "funika" nililazimika kulifungua. Kwenye sufuria, kufunika ni kufunika. Kwenye maikrowevu, kopo la wali lenye mfuniko wa kubana linajaa mvuke usio na pa kutokea. Ama linafyatuka ndani, ama linasubiri uje ulifungue ndipo likupulizie usoni. Sasa imeandikwa "funika kwa sahani iliyogeuzwa, isibane." Yai lenye ganda halipashwi, kwa sababu hiyo hiyo: ganda ndiyo mfuniko wa kubana.

Maziwa ya Nasra hayapiti humo kabisa. Mashine ile inapasha kwa viraka, chupa inakuwa vuguvugu mkononi huku katikati ya maziwa pana sehemu inayounguza. Chupa inawekwa kwenye bakuli la maji ya moto, kama alivyofanya bibi yake. Chakula kingine nacho kinapashwa dakika moja, kinakorogwa, ndipo kinarudishwa.

Jumamosi tukafanya majaribio. Mtungi umefungwa, jiko halina gesi, Zuhura anafuata karatasi na mimi nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai kama msimamizi wa mtihani. Oveni aliifanya vizuri, hata kuchuchumaa pembeni. Kosa la kwanza alilogundua ni lile la mahali: karatasi iko juu ya jiko, kwa hiyo kuisoma lazima uegemee juu ya pleti, na khanga yake ilikuwa inaning'inia palepale moto ungekuwa. Tukaihamishia kwenye mlango wa uani, kwa ndani.

Kisha tukafika kwenye harufu. Akafunga masikio yote, akasoma kwa sauti "usiguse swichi," akaipita ya taa mikono mgongoni. Akafungua mlango wa uani. Akambeba Nasra, aliyedhani ni mchezo. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye kizimba cha chuma nilichochomelea mtungi baada ya ule wa kwanza kuibwa, mpira unapita ukutani kuingia jikoni. Akasimama mbele yake, karatasi mkononi.

"Mama Nasra, hapa imeandikwa nifunge mtungi."

"Ee, ufunge."

"Na kufuli?"

Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, ufunguo wa mtungi huwa shuleni, ndani ya droo ya meza yangu, kilomita tatu kutoka kwenye mtungi.

Niliutoa kwenye shada la funguo kucha zikiuma. Zuhura alikwenda kutafuta nyundo, tukapigilia msumari kwenye fremu ya mlango wa uani, kwa nje, juu kidogo ya anapofika Nasra.